Barua ya Kurejea Kazini: Shukrani, Ushahidi na Sarufi Yake katika Kaskazini Mashariki

Utangulizi

Barua rasmi ni mojawapo ya tungo ambazo mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nazo mapema na kuzisahau mapema vilevile. Shuleni hufundishwa anwani mbili, mtajo, mada inayotanguliwa na KUH au MINT, mwili, kisha kimalizio na sahihi. Akishahitimu na kuajiriwa, mwanafunzi huyo hugundua kuwa barua anayotakiwa kuiandika mara kwa mara si ile ya kuomba kazi aliyoizoea katika mitihani. Kila mwaka huenda likizoni, kila mwaka hurejea, na kila anaporejea hutarajiwa kumwandikia msimamizi wake maneno machache ya kumshukuru na kumweleza yaliyotendeka katika kipindi hicho. Barua hii haifundishwi popote. Matokeo yake ni kwamba wengi huiandika kwa sentensi tatu zinazofanana kote nchini: mwandishi amerejea salama, anashukuru kwa kupewa nafasi ya kupumzika, na kazi zote zilishughulikiwa vyema.

Makala haya yanashikilia kuwa sentensi ya tatu kati ya hizo ndiyo yenye hatari, na kwamba hatari hiyo imo katika sarufi yake kabla ya kuwamo katika ofisi. Aidha, makala yanadai kuwa katika Garissa na kaunti jirani za Wajir na Mandera, barua ya kurejea kazini ina uzito ambao haina katika miji mingine ya Kenya, na kwamba Kiswahili kina zana bora za kuiandika, mradi mwandishi akubali kuzitumia.

Kuondoka na kurejea Kaskazini Mashariki

Ni vyema kuanza na mahali penyewe. Garissa ipo kilomita zipatazo 370 kutoka Nairobi, na anayetoka huko kuelekea Garissa hana budi kuuvuka mto Tana. Sehemu kubwa ya walimu, wauguzi na maafisa wanaohudumu katika eneo hili wana makwao mbali, na kwa hiyo likizo kwao ni safari ndefu. Safari hiyo ina historia. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilivamiwa na abiria 28 wakauawa, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakienda mapumzikoni. Mwanzoni mwa mwaka 2015, walimu wengi waliotoka nje ya eneo hilo walikataa kurudi na wakaomba uhamisho. Tarehe 2 Aprili mwaka huohuo, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, na masomo hayakurejelewa pale hadi Januari 2016. Mnamo Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Tume ya Kuajiri Walimu iliwaondoa walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaunti hizi tatu.

Historia hii haitajwi hapa kwa ajili ya kuamsha majonzi. Inatajwa kwa sababu inabadilisha maana ya karatasi. Afisa wa Thika au wa Nakuru akienda likizo, karibu kila mtu huamini kuwa atarudi kwenye meza ileile, na kile ambacho hakuandika ataulizwa kwa mdomo. Katika Garissa, likizo imewahi kugeuka uhamisho, na anayeketi kwenye meza ile mwezi unaofuata huenda akawa mgeni kabisa. Barua ya kurejea, kwa hivyo, haiandikwi kwa ajili ya msimamizi peke yake. Inaandikwa pia kwa ajili ya mtu ambaye mwandishi hajawahi kumwona, atakayefungua faili siku moja na kutaka kujua kazi ilifikia wapi. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi nayo ni mali.

Kuna sababu ya pili, nayo ni maji. Mvua za Novemba 2023 zilipofurika, barabara ya kuingia Garissa kupitia Madogo ilifunikwa na maji na watu wakalazimika kuvuka kwa mashua. Mwezi wa Aprili 2024 hali hiyo ilijirudia, na mashua iliyobeba watu ikapinduka karibu na Kona Punda. Mfanyakazi ambaye likizo yake inamalizika katika kipindi kama hicho hufika kazini akiwa amechelewa bila kosa lake. Hata hivyo, Sheria ya Ajira ya Mwaka 2007, katika kifungu cha 44, inataja kutokuwepo kazini bila ruhusa au sababu halali kuwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumfanya mtu afutwe mara moja. Neno la kuangaliwa hapo ni "halali". Sababu halali isiyoandikwa popote ni vigumu kuithibitisha baada ya mwaka mmoja, wakati msimamizi aliyeielewa ameshahamishwa na daftari la mahudhurio limebaki na nafasi mbili tupu.

Muuguzi wa zahanati: mfano

Ili hoja isibaki hewani, na uchukuliwe mfano wa kubuni. Muuguzi mmoja anasimamia zahanati ndogo katika eneo la Fafi. Amepewa likizo ya mwaka ya siku 21 za kazi, ambazo ndizo kiwango cha chini kinachowekwa na kifungu cha 28 cha sheria iliyotajwa. Likizo inaanza Jumatatu, tarehe 30 Oktoba 2023. Ukihesabu siku za kazi tu, na ukiiruka Jumatatu ya tarehe 13 Novemba iliyotangazwa kuwa sikukuu ya kupanda miti, siku ya 21 inaangukia Jumanne, tarehe 28 Novemba. Muuguzi anatarajiwa kazini Jumatano, tarehe 29. Maji yanamzuia upande wa Madogo, na anafika Ijumaa, tarehe 1 Desemba.

Wakati alipokuwa hayupo, muuguzi mwenzake alikaimu. Mlinzi wa zahanati na mhudumu wa afya wa jamii walisaidia. Kazi kubwa ya kituo kama hiki ambayo haipumziki hata Jumapili ni kutunza chanjo. Chanjo huhifadhiwa katika jokofu lenye nyuzijoto kati ya 2 na 8 za selsiasi, na kipimo husomwa na kuandikwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, siku zote saba za wiki. Jokofu la zahanati hii linatumia gesi. Jumapili, tarehe 19 Novemba, mtungi uliisha. Jumatatu asubuhi kaimu alikuta kipimo kikisoma nyuzi 13. Akachukua kisanduku baridi, akapanga vifurushi vya barafu, akazihamishia chanjo humo, kisha akatafuta mtungi mwingine. Jokofu likawashwa tena siku hiyohiyo alasiri.

Sasa muuguzi amerudi, na anaandika. Akiandika kwa mazoea, barua yake itakuwa hivi:

"Napenda kukujulisha kuwa nimerejea kazini salama. Nakushukuru kwa dhati kwa ukarimu wako wa kunipa likizo. Wakati wa kutokuwepo kwangu kazi zote zilishughulikiwa vyema. Jokofu liliharibika kidogo lakini tatizo hilo lilitatuliwa."

Barua hii ina adabu na haina kosa la tahajia, tena mwalimu wa insha angeipa alama nzuri. Lakini haisemi ni lini muuguzi alirejea, nani alishughulikia kazi, jokofu lilipatwa na nini, kwa muda gani, na chanjo zilizokuwamo ziko katika hali gani leo. Msimamizi anayeisoma hana swali la kuuliza, kwa kuwa haoni pa kuulizia.

Kutendwa na kutendeka

Kwa nini barua hiyo inaficha mambo ilhali mwandishi wake hakukusudia kuficha? Jibu limo katika vitenzi. "Zilishughulikiwa" na "lilitatuliwa" viko katika kauli ya kutendwa. Kauli hii humruhusu mwandishi kumtaja mtendaji kwa kutumia "na", lakini haimlazimishi. Mwandishi mvivu huiacha sehemu hiyo wazi. "Liliharibika" kiko katika kauli ya kutendeka, ambayo haina hata nafasi ya mtendaji: husemwa "sahani ilivunjika", wala haiwezekani kuongeza "na mtoto" baada yake. Kila mwanafunzi wa sarufi anazijua kauli hizi na anaweza kuziorodhesha. Jambo ambalo huenda hajaambiwa ni kwamba katika ofisi kauli hizi hugawa sifa na lawama, na mara nyingi huzigawa vibaya.

Katika mfano huu, aliyeumizwa na kauli ya kutendwa ni kaimu. Yeye ndiye aliyesoma kipimo asubuhi, akahamisha chanjo na kutafuta gesi. Barua imeichukua kazi yake na kuiacha bila mwenyewe. Hali ni hiyohiyo kwa mlinzi, ambaye pengine ndiye aliyebeba mtungi. Wakati wa kupandishwa vyeo au wa kuongezewa mkataba utakapofika, hapatakuwa na mstari hata mmoja katika faili unaoonyesha kuwa mtu fulani aliibeba zahanati kwa mwezi mzima.

Inapendekezwa basi kuwa kazi iliyofanywa iandikwe katika kauli ya kutenda, pamoja na cheo cha aliyeifanya: "Kaimu alihamishia chanjo katika kisanduku baridi." Sentensi hii si ndefu kuliko ile ya awali, na haihitaji ujuzi wowote wa ziada. Inahitaji tu mwandishi akumbuke kuwa nomino inastahili kutangulia kitenzi.

Hata hivyo, haifai kuharamisha kauli ya kutendeka. Yapo matukio ambayo mtendaji wake hajulikani, na kumtaja mtu kwa kukisia ni dhuluma. Daftari la zahanati halina kipimo cha Jumapili jioni. Je, kaimu alisahau kusoma? Alikuwa akimhudumia mama aliyekuwa akijifungua? Kalamu ilikosekana? Muuguzi aliyekuwa Madogo hawezi kujua. Hapa anapaswa kuandika lile analoliona kwenye ukurasa: "Daftari halina kipimo cha jioni ya tarehe 19." Katika jamii ambayo wafanyakazi ni majirani, na mara nyingine ni wa ukoo mmoja, sentensi ya namna hii husema kweli bila kumfedhehesha mtu. Kanuni inayopendekezwa, kwa ufupi, ni kuwa kazi ipewe mwenyewe, na pengo lielezwe jinsi linavyoonekana.

Kuona na kuambiwa

Wapo watakaopinga mpaka hapa. Watauliza: mtu ambaye hakuwepo anawezaje kutoa taarifa ya yaliyotendeka? Je, si kaimu ndiye anayepaswa kuandika? Pingamizi hili lina uzito, na kwa kweli taarifa ya makabidhiano ya kaimu ndiyo msingi wa yote. Lakini barua ya anayerejea ina kazi tofauti. Kaimu hueleza alichokitenda. Anayerejea hueleza alichokikuta. Pale ambapo maelezo hayo mawili yanakutana, msimamizi anaweza kutulia, na pale yanapoachana ndipo pa kuangalia.

Kwa sababu hiyo, ni muhimu barua itenganishe mambo mawili: lile ambalo mwandishi ameambiwa na lile ambalo ameliona kwa macho yake. Kiswahili hakina kiambishi maalumu cha kubainisha chanzo cha habari, lakini kina "kwa mujibu wa", "kwa maelezo ya" na "nimehesabu mwenyewe". Tofauti kati ya "chanjo ziko salama" na "kwa maelezo ya kaimu, chanjo ziko salama, nimekagua vichupa mwenyewe tarehe 1 Desemba" ni kubwa mno, na katika mfano huu inahusu miili ya watoto.

Ukaguzi wenyewe hufanywaje? Kila kichupa cha chanjo katika mpango huu hubandikwa alama ndogo yenye duara na mraba ndani yake. Mraba huanza ukiwa mweupe kuliko duara. Joto likizidi kadiri muda unavyopita, mraba hugeuka kuwa mweusi hatua kwa hatua, na hauwezi kurudi nyuma. Ukifikia weusi wa duara au kuupita, kichupa hakitumiwi tena. Chanjo ya polio ya matone ndiyo inayoathiriwa na joto kwa haraka zaidi. Muuguzi, basi, anatazama kichupa kimoja baada ya kingine na kuhesabu. Tuseme amekuta vichupa 6 vya polio ambavyo mraba wake umefikia weusi wa duara. Hiyo ni hesabu ya kuandikwa.

Lakini alama hiyo ina mpaka wake, na hapa ndipo barua ya mazoea huwa hatari zaidi. Inashuhudia joto, haishuhudii baridi. Chanjo ya magonjwa matano na ile ya pepopunda huharibika zikiganda, na alama yake hubaki nyeupe kana kwamba hakuna lililotokea. Kaimu alizihamishia chanjo katika kisanduku chenye barafu. Ikiwa vifurushi vya barafu viliachwa nje kwanza mpaka maji yakasikika yakicheza ndani vilipotikiswa, hakuna neno. Ikiwa vilitolewa vikiwa vigumu kama jiwe na kupangwa moja kwa moja kando ya vichupa, huenda baadhi viliganda. Jambo hili haliwezi kuonekana kwa kutazama alama. Lazima kaimu aulizwe, na jibu lake liandikwe kuwa ni jibu lake. Akiwa hana uhakika, kuna jaribio la kutikisa: kichupa kinachoshukiwa hutikiswa pamoja na kingine cha toleo lilelile kilichogandishwa kwa makusudi kisha kikayeyuka, halafu vyote viwili huwekwa mezani. Kinachoshukiwa kikituama upesi sawa na kilichogandishwa, hakifai kutumiwa.

Maelezo haya yote yamefichwa na neno moja, "lilitatuliwa".

Njeo na hali

Upungufu mwingine wa barua ya mazoea ni kuwa huweka mambo yote katika wakati uliopita: "zilishughulikiwa", "iliagizwa", "lilitatuliwa". Msomaji hajui lililokwisha na linaloendelea. Kiswahili kimebahatika kuwa na viambishi vinavyofanya kazi hii bila taabu. "Kaimu aliagiza gesi" husema kuwa tendo lilitukia, bila kueleza matokeo yake leo. "Kaimu ameagiza gesi" huonyesha kuwa athari ya tendo bado ipo. "Gesi haijaletwa" hubeba mambo mawili kwa pamoja: kwamba haipo, na kwamba bado inatarajiwa. "Gesi haikuletwa" hufunga mlango. Msimamizi anayesoma "haijaletwa" anajua kuwa anapaswa kupiga simu, ilhali anayesoma "haikuletwa" huenda akafikiri kuwa jambo limepita.

Kiambishi "-ja-" kinastahili kuheshimiwa zaidi katika mawasiliano ya ofisi kuliko ilivyo sasa. Barua nzuri ya kurejea inaweza kupangwa kwa kufuata viambishi hivi: kwanza yale yaliyotendwa, kisha yale yaliyofanywa na bado yana matokeo, na mwisho yale ambayo hayajafanywa, kila moja likiwa na jina la cheo kitakachohusika na tarehe.

Shukrani za nani, na za nini?

Imebaki sehemu ambayo wengi huidhania kuwa nyepesi, yaani shukrani. Barua ya mazoea humshukuru msimamizi kwa "ukarimu" wa kutoa likizo. Lugha hii haifai. Likizo ya mwaka ni haki iliyowekwa na sheria, na anayeishukuru kama zawadi anamfundisha msimamizi kuwa anaweza kuinyima. Zaidi ya hayo, anawafundisha wafanyakazi wadogo, ambao huiga barua za wakubwa wao, kuomba kwa unyenyekevu kile ambacho ni chao.

Je, ina maana asishukuru? La hasha. Muungwana hushukuru. Lakini ashukuru kwa jambo ambalo msimamizi alikuwa na hiari ya kulitenda au kuliacha. Labda aliidhinisha likizo wiki tatu mapema, kaimu akapata siku mbili za kukaa na mwenye kazi kabla hajaondoka. Labda hakumpigia simu likizoni. Labda alipojulishwa kuwa barabara imefungwa, alimwambia asihatarishe maisha kwa kupanda mashua. Shukrani yenye jambo ndani yake ina faida mbili: humgusa anayeshukuriwa, na humkumbusha kulirudia tendo hilo mwaka ujao.

Shukrani haziishii kwa mkubwa. Kaimu na mlinzi nao wana haki ya kutajwa, na wana haki ya kujua kuwa wametajwa. Hapa ndipo suala la lugha linapoingia. Kwa mujibu wa Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hakuna sheria inayomzuia muuguzi wa Fafi kuiandika barua yake kwa Kiswahili, ingawa mazoea humvuta kuiandika kwa Kiingereza. Katika zahanati ambayo muuguzi ametoka bara, kaimu ni Msomali wa Garissa na mlinzi hakupata elimu ya sekondari, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wanapozungumza kuhusu gesi, barafu na wagonjwa. Kazi ilifanywa kwa Kiswahili. Kuieleza kwa Kiingereza ni kuwashukuru watu kwa lugha ambayo baadhi yao hawataisoma. Nakala ikibandikwa au ikisomwa mbele yao kwa Kiswahili, mlinzi anaweza hata kusahihisha: mtungi haukuisha Jumapili, uliisha Jumamosi usiku. Masahihisho kama hayo ni bora kuliko pongezi.

Barua iliyoandikwa upya

Kwa kuzingatia yaliyosemwa, barua ya muuguzi ingeweza kuwa hivi. Siku ya kwanza angejaza tu fomu ya kuripoti. Barua yenyewe angeiandika Jumatatu, tarehe 4 Desemba, baada ya kukagua na kuuliza:

"Bwana,

KUH: KUREJEA KAZINI BAADA YA LIKIZO YA MWAKA

Likizo yangu iliisha Jumanne, tarehe 28 Novemba 2023. Nilifika kazini Ijumaa, tarehe 1 Desemba. Maji yalikuwa yamefunga barabara upande wa Madogo, na nilikujulisha kwa simu asubuhi ya tarehe 29. Naomba uamuzi wako kuhusu siku hizo 2 uandikwe katika faili.

Nakushukuru kwa kuidhinisha likizo wiki tatu kabla, jambo lililoniwezesha kukabidhi kazi kwa utaratibu. Namshukuru kaimu, aliyeendesha kliniki zote za kipindi hicho, na mlinzi, aliyeleta mtungi wa gesi.

Daftari la jokofu halina kipimo cha jioni ya tarehe 19 Novemba. Asubuhi ya tarehe 20 kaimu aliandika nyuzi 13, akahamishia chanjo katika kisanduku baridi na kuliwasha jokofu alasiri. Kwa maelezo yake, vifurushi vya barafu vilikuwa vigumu alipovipanga.

Nimekagua vichupa mwenyewe. Vichupa 6 vya polio vimepita kiwango. Nimevitenga na kuviandikia. Chanjo za magonjwa matano na za pepopunda nimezisimamisha mpaka jaribio la kutikisa lifanywe. Jaribio halijafanywa, naomba afisa wa chanjo aje kabla ya kliniki ya Alhamisi, tarehe 7 Desemba. Mtungi wa akiba haujaletwa.

Nakala: Kaimu."

Barua hii haijazidi ukurasa mmoja. Wanaosema kuwa wasimamizi hawana muda wa kusoma barua ndefu wanapaswa kuilinganisha na ile ya kwanza. Ile ya kwanza husomwa kwa nukta chache kisha hugharimu miezi ya kutojua. Hii husomwa kwa dakika mbili, na mwishoni mwake msimamizi ana mambo matatu ya kutenda: kuamua kuhusu siku mbili, kumtuma afisa wa chanjo, na kufuatilia mtungi. Aidha, mtoto atakayeletwa kliniki tarehe 7 Desemba hatadungwa chanjo iliyokufa, ambayo ingemwacha mama yake akiamini kuwa mwanawe amekingwa.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa udhaifu wa barua ya kurejea kazini hautokani na ukosefu wa adabu, bali na kutumia kauli za vitenzi bila kujali zinamficha nani. Wanafunzi wa Kiswahili husoma kauli ya kutendwa, kauli ya kutendeka na kiambishi "-ja-" kama mada za mtihani wa mofolojia. Ingefaa wahadhiri wa somo la uandishi wa kitaaluma waichukue barua hii, waiweke mbele ya darasa, na kumwuliza kila mwanafunzi swali moja kwa kila kitenzi: nani? Mwanafunzi atakayezoea kulijibu swali hilo katika chumba cha mhadhara atalijibu pia atakapopelekwa Fafi, Wajir au Mandera, akaenda likizo, na akarejea. Na asiporejea, atakayekuja baada yake atalikuta jibu katika faili.